Mpaka wa A haujulikani mpaka karatasi zisahihishwe

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne Tanzania huingia chumba cha mtihani akijua kuwa 75 ni A. Mwenzake wa Hisabati ya IGCSE ya Cambridge (0580) hajui. Mipaka ya madaraja yake huwekwa baada ya usahihishaji, kwa takwimu za alama na kwa uamuzi wa wasahihishaji wakuu waliosoma majibu yenyewe.

Haki ya utaratibu huu ni rahisi kuiona: karatasi ikiwa ngumu, alama za wengi hushuka na mpaka nao hushuka, hivyo mtoto haadhibiwi kwa ukali wa mtunga maswali. Upande wa pili ni kwamba hana namba moja ya kulenga, na mpaka ukipanda mzazi huona mwanawe ameonewa, ingawa huenda karatasi ilikuwa nyepesi tu.

Kushika mpaka wa msimu uliopita hakusaidii. Panga kwa masafa, yaani kuanzia kiwango cha chini hadi cha juu katika misimu kadhaa. Tuseme, kwa namba za kubuni, mpaka wa A katika misimu mitatu ulikuwa 128, 142 na 131 kati ya 200. Mwanafunzi amejipima kwa karatasi hizo akapata 129, 138 na 136. Atafurahia 138, kumbe hapo ndipo alipofanya vibaya zaidi: amepungukiwa 4, ilhali kwingine amevuka kwa 1 na kwa 5. Kwa hiyo kila alama ilinganishwe na mpaka wa karatasi ileile, tena wa toleo lilelile, kwani 0580/21 na 0580/22 ni karatasi tofauti. Tofauti hizo tatu, kutoka −4 hadi +5, zinasema kweli kuliko wastani wa alama: huyu yuko ukingoni. Lengo lake liwe kuvuka kwa 5 hivi hata siku yake mbaya, yaani aongeze kama 9. Baadhi huokotwa bila mada mpya: kuonyesha hatua za kazi, na kuandika jibu lisilo kamili kwa tarakimu tatu za maana badala ya mbili.

Masafa nayo hudanganya yakichanganya vitu visivyofanana. Mwaka 2022 upangaji wa madaraja ulilegezwa kwa sababu ya korona, ukarudishwa kwenye kiwango cha zamani 2023. Mipaka ya 2022 itamfariji mtu bure. La pili ni zito zaidi. Hadi 2024 Karatasi ya 2 ilikuwa na alama 70 na ya 4 alama 130, zote kwa kikokotoo. Tangu 2025 kila moja ina 100, na ya 2 haina kikokotoo. Jumla imebaki 200, ndiyo maana wengi hawashtuki wanapochukua mipaka ya kale. Itumie kwa makadirio tu, upanue masafa, na ujipime kwanza bila kikokotoo.