Bakteria au sigara? Kidonda cha tumbo kinachorudi kwa mkulima wa tumbaku

"Shikamoo daktari. Niko Urambo, nalima tumbaku na navuta tangu nikiwa na miaka 17. Niliambiwa nina vidonda vya tumbo, nikapewa dawa, nikapata nafuu, sasa maumivu yamerudi pamoja na kiungulia. Rafiki yangu anasema shida ni bakteria tu, sigara haihusiki. Mke wangu anasema nisipoacha sigara dawa zote ni bure. Nani mkweli?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na rafiki yako, maana hoja yake ina nguvu kuliko wengi wetu watabibu tunavyopenda kukiri.

Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeishi kwenye ute wa tumbo, ambaye leo tunamwita Helikobakta pailori. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005, na ilibadilisha matibabu ya kidonda. Kabla yake, mgonjwa alipewa dawa ya kupunguza tindikali, kidonda kikafunga, akaacha dawa, kikafunguka tena. Katika miaka ile wavutaji ndio walioongoza kwa kurudiwa, na vidonda vyao vilichelewa kupona. Sigara ikaonekana ndiyo mkosaji mkuu.

Bakteria walipoanza kuuawa kwa antibiotiki, picha ikawa nyingine. Wagonjwa wa kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, ambao bakteria wao walikufa kabisa hawakurudiwa ovyo, hata waliokuwa wakiendelea kuvuta. Kwa hiyo rafiki yako hajakosea akisema chanzo ni bakteria. Ila ushahidi huo una masharti mawili: bakteria awe amekufa kweli, na mgonjwa asiwe anameza dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, ambazo huchimba kidonda hata pasipo bakteria yeyote. Kwa mtu anayebeba magogo ya kuni hadi kwenye bani la kukaushia tumbaku na kulala mgongo ukiuma, sharti la pili si dogo.

Hoja ya mke wako inaanzia kwenye hilo sharti la kwanza. Bakteria amekufa kweli?

Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006, uliounganisha tafiti nyingi za matibabu haya, ulikuta kwamba wavutaji walishindwa kumwondoa bakteria mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Katika kila wagonjwa 100, pengo lilikuwa kama watu 8. Si pengo la kusema dawa ni bure, na hapo mke wako amezidisha. Wavutaji wengi wanapona. Lakini hao wanane ndio wanaorudi kwetu baada ya miezi mitatu wakidhani dawa ilikuwa feki.

Jambo la pili ni kasi ya kidonda kufunga. Chakula kikitoka tumboni kikiwa na tindikali, kongosho humwaga maji yenye baikaboneti ili kuizima pale kwenye duodeni. Nikotini hupunguza mmwago huo. Moshi pia hupunguza damu inayofika kwenye ukuta wa tumbo, na kidonda, kiwe mguuni au tumboni, hufunga kwa damu. Kwa kawaida kidonda cha duodeni huhitaji wiki 4 hadi 8 kufunga, na cha tumbo lenyewe wiki 8 hadi 12. Anayevuta katika kipindi hicho anabomoa huku anajenga.

La tatu ni kutoboka. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa 84 waliopasuliwa kwa vidonda vilivyotoboka. Zaidi ya 6 kati ya kila 10 walikuwa wavutaji, na wengi hawakuwahi kutibiwa kidonda kabla. Hata hivyo nisiitumie takwimu hiyo kukutisha kupita kiasi: zaidi ya 8 kati ya kila 10 walikuwa pia wanywaji wa pombe, na hakukuwa na kundi la watu wasio na kidonda wa kulinganisha nao. Kwa namba hizo peke yake huwezi kusema ni sigara. Zipo tafiti za Norwei zilizolinganisha wavutaji na wasiovuta, nazo zilikuta tofauti kubwa, ndiyo maana naamini hatari hiyo ni ya kweli. Ukipata maumivu makali ya ghafla, tumbo likakakamaa kama ubao, ukatapika damu au ukaona choo cheusi cha kunata kama lami, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Nieleze sasa mgonjwa mmoja, maana ndiye aliyenifanya niache kuchagua upande.

Alikuwa mkulima wa miaka 38 kutoka upande wa Kaliua. Maumivu yake yalikuwa chini ya chembe ya moyo, yakimwamsha saa nane usiku, yakitulia akila kiporo. Kipindi cha kukausha tumbaku alikuwa akikesha kwenye bani kuchochea moto, na ili asisinzie alivuta hadi sigara 15 kwa usiku, bila chakula. Aliapa kwamba sigara humtuliza tumbo. Hakuwa akidanganya: nikotini huzima njaa, na kwa aliyeizoea huondoa ule wasiwasi wa kuikosa, ambao wengi huusikia tumboni. Ni nafuu ya kweli, ila haigusi kidonda.

Alikuwa ameshatibiwa mara moja. Nilipomhoji polepole, nikakuta antibiotiki aliziacha siku ya sita kwa sababu zilimtia uchungu mdomoni na kumharisha, wakati dozi ilikuwa ya siku 14. Omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, alimeza akisikia maumivu tu, na baada ya kula, badala ya nusu saa kabla ya chakula. Hakuna aliyempima tena kujua kama bakteria ameisha. Kichefuchefu chake nacho nilikitenga. Kilimjia jioni za siku alizochuma majani yenye umande, pamoja na kizunguzungu na kutapika, kikaisha kesho yake. Hiyo ni sumu ya nikotini inayopita kwenye ngozi kutoka majani mabichi, na omeprazoli haiisaidii kitu. Husaidia kusubiri umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na kunawa. (Wakulima wengi wa Tabora wanakunywa dawa za vidonda kwa ugonjwa huu wa shambani. Inaniuma, kwa sababu ni fedha inayopotea na dalili inayofichwa.)

Kipimo cha choo kikaonyesha bakteria bado yupo. Tukabadilisha mpango wa dawa, kwa kuwa antibiotiki ya klarithromaisini iliyoshindwa mara ya kwanza haifai kurudiwa. Kuhusu sigara, tulibishana. Mimi nilitaka aache siku hiyo hiyo. Yeye akasema msimu wa mabani haiwezekani. Tukakubaliana dawa zianze baada ya bani la mwisho kuzimwa, na siku ya kwanza ya dawa iwe siku ya kwanza bila sigara. Bado naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa mtu asiyekuwa na dalili za hatari, kwa sababu dozi ya pili ikiharibika, ya tatu huwa ngumu zaidi.

Siku tatu za mwanzo alikuwa mkali nyumbani, hakulala vizuri, na choo kikawa kigumu, jambo linalowapata wengi wanaoacha na wengi hulidhania kuwa ni kidonda. Siku ya tisa alivuta moja, akaja kuniambia kama mtu aliyeiba. Dawa akamaliza. Wiki ya sita baada ya antibiotiki tukapima: bakteria hayupo, na maumivu ya usiku yalikuwa yameisha.

Kilichobaki ni kiungulia, na hapa ndipo ushahidi unapokuwa mwepesi kuliko mahubiri yetu. Kati ya umio na tumbo kuna misuli inayofunga kama kilango. Ukivuta, misuli hiyo hulegea ndani ya dakika chache, kisha hukaza tena ukimaliza. Mate ya mvutaji nayo yana nguvu ndogo ya kuzima tindikali, hivyo ikishapanda hukaa kwenye umio muda mrefu zaidi. Kikohozi cha sigara huisukuma juu. Kwa maelezo hayo ungetarajia anayeacha apone mara moja, lakini waliopimwa tindikali ya umio siku moja au mbili baada ya kuacha hawakuonyesha mabadiliko makubwa. Utafiti mkubwa wa Norwei uliowafuatilia watu kwa miaka, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta kuacha sigara kuliwasaidia sana wenye kiungulia kikali, lakini ni wale wenye uzito wa kawaida waliokuwa pia wakitumia dawa mara kwa mara. Kwa wanene faida hiyo haikuonekana.

Nasisitiza uzito kwa sababu anayeacha sigara huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Mgonjwa wangu aliongeza 4, kiungulia kikamrudia, akanilaumu. Tulichofanya ni kusogeza chakula cha usiku kiwe masaa matatu kabla ya kulala, kupunguza ugali wa usiku, na kuinua kitanda upande wa kichwa kwa matofali. Baada ya miezi miwili kikapungua.

Msimu uliofuata alirudi kuvuta mbili tatu usiku wa bani. Kidonda hakikurudi, kama rafiki yako angetabiri. Kiungulia kilirudi ndani ya wiki hiyo hiyo.

Kwako wewe, sijui bado kama bakteria wako walikufa, na wala wewe hujui, na hilo ndilo la kwanza kulijua. Kama bado unatumia omeprazoli, iache wiki 2 kabla ya kipimo cha choo, na ziwe zimepita wiki 4 tangu umeze antibiotiki yoyote, hata ya kikohozi. Vinginevyo kipimo kinaweza kusema hayupo kumbe yupo. Maumivu yakikusumbua katikati, vidonge vya kutafuna vya maginezia havitaharibu kipimo. Dawa za mgongo weka pembeni. Ukikutwa na bakteria, sigara iache kuanzia siku ya kwanza ya dozi hadi wiki ya 8, hata kama hujaamua kuhusu maisha yako yote. Ukitaka bazoka ya nikotini, tafuna taratibu kisha ibane shavuni, maana ukimeza mate yake mengi itakuletea kwikwi na kiungulia kile kile. Usipokutwa naye na maumivu yapo, utahitaji kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni. Na ukianza kukonda au chakula kukwama kooni, kamera itangulie kabla ya yote.

Ukienda kupima, beba karatasi au maganda ya dawa ulizopewa mwanzo, kwa kuwa antibiotiki uliyokwisha tumia ndiyo itakayoamua ipi ifuate.