Kikomo cha fedha hakitoshi kulinda malipo ya wasambazaji

Kampuni inapokuwa na watu wachache, mkurugenzi husaini kila ankara mwenyewe. Ikikua, anaweka vikomo: mkuu wa idara aidhinishe hadi 500,000, meneja wa fedha hadi 5,000,000, kinachozidi hapo kiende kwake. Utaratibu huu una faida ya kweli. Ankara ndogo hazikwami mezani kwa bosi, na anayeidhinisha ni yule anayejua kama kazi imefanyika.

Udhaifu wake ni kwamba kila mtu anakijua kikomo. Tuseme idara inahitaji vifaa vya 1,400,000. Zinakuja ankara tatu za msambazaji mmodi ndani ya wiki moja: 480,000, 470,000 na 450,000, namba zake zikifuatana. Kila moja inapita kihalali, na meneja wa fedha hazioni kabisa. Ukipanga malipo ya mwezi kwa jina la msambazaji, kisha ukatazama yaliyo chini kidogo ya kikomo, mchezo huu unaonekana mapema. Dawa yake ni kuhamishia idhini kwenye oda ya ununuzi, kikomo kipimwe kwa jumla ya hitaji lote. Ankara ikifika, mhasibu anailinganisha na oda pamoja na hati ya kupokelea mzigo. Idadi na bei zikikubaliana, inalipwa bila kuzunguka tena.

Hata hivyo, hayo yote hayasaidii kama mtu mmoja anaweza kumsajili msambazaji, kuingiza ankara na kutoa malipo. Huyo anaweza kubadilisha namba ya akaunti ya benki kwenye ankara halali kabisa, na pesa ikaenda kwingine huku idhini zote zikiwa sahihi.

Wanaopinga mgawanyo wa majukumu, yaani kila hatua kuwa na mtu wake, wana hoja ambayo siipuuzi. Idara ya fedha yenye watu wawili haiwezi kugawa hatua zote hizo. Mmoja akienda likizo, malipo yanasimama, msambazaji anazuia mzigo, na mwishowe watu wanapeana nywila ili kazi iende. Hapo ni hatari kuliko kutokuwa na mgawanyo, kwa sababu kumbukumbu za mfumo zitaonyesha watu wawili wakati aliyefanya ni mmoja.

Kwa timu ndogo, mimi ningeng'ang'ania utengano mmoja tu: anayebadilisha taarifa za msambazaji asiwe anayetoa malipo. Akaunti mpya ithibitishwe kwa kumpigia msambazaji kwa namba ya simu iliyokuwepo kwenye faili tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua ya mabadiliko. Mkurugenzi apate taarifa ya benki moja kwa moja kutoka benki, na kila wiki apitie orodha ya akaunti zilizobadilishwa. Kwa likizo, ateuliwe kaimu kwa jina, mwenye nywila yake na tarehe ya mwisho wa mamlaka yake.