Udongo au makumbi: cha kujazia vyombo vya miche Mombasa

Ubishi wa kipi kinafaa zaidi kuoteshea miche, udongo au makumbi ya nazi, huanzia kwenye rutuba, na hapo ndipo unapopotea. Mbegu ya nyanya au pilipili huota kwa akiba yake yenyewe, kwa hiyo siku za mwanzo haihitaji mbolea nyingi. Kinachoua miche ya kwenye vikombe mapema ni mizizi kukosa hewa, na kwa hapa Mombasa, chumvi.

Shambani udongo wa juu hupitisha maji kwa sababu chini yake kuna udongo mwingine unaoyavuta. Ndani ya kikombe cha kina cha sentimita 8 hakuna kinachoyavuta, hivyo tabaka la chini hubaki limeloa chepechepe hata matundu yakiwa wazi. Chombo kikiwa kifupi, tabaka hilo hula sehemu kubwa zaidi ya nafasi ya mizizi. Kokoto za chini hazisaidii. Zinalipandisha tu tabaka hilo juu zaidi. Hapo ndipo kinyausi kinapoingia: shina linalainika na kusinyaa usawa wa udongo, mche unalala.

Wengi huongeza mchanga. Mchanga wa chembe kubwa, tena kwa wingi, husaidia kweli. Konzi chache za mchanga laini kwenye udongo wa mfinyanzi huziba nafasi zilizokuwepo, na mchanganyiko ukikauka unakuwa mgumu. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Ukiusuuza, chumvi inatoka, lakini vipande vya makombe na matumbawe vinabaki, navyo ni chokaa. Chokaa huuzuia mche kupata madini ya chuma: majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Udongo uliochotwa juu ya mwamba wa matumbawe una kasoro hiyohiyo.

Makumbi yaliyosagwa hushika maji mengi na bado huacha nafasi ya hewa, na ni mepesi, jambo kubwa kwa anayeotesha miche kwenye baraza la ghorofa ya nne. Lakini yana kasoro zake. Makumbi yenyewe yana chumvi kiasili, na yaliyofukiwa ufuoni ili nyuzi zitenguke yanabeba ya bahari pia. Yaloweke usiku kucha, yakamue, umwage maji, urudie mara tatu. Visima vingi hapa vina maji ya chumvi, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au maji matamu ya bomba. Kisha jaribu: panda mbegu 20 za mchicha kwenye makumbi hayo na 20 kwenye udongo unaouamini. Ikifika siku ya tano na upande wa makumbi umeota kwa uchache unaoonekana, suuza tena.

Kasoro ya pili ni naitrojeni. Makumbi hayana chakula cha maana, na vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mche naitrojeni. Dalili yake ni kinyume cha ile ya chokaa: manjano huanzia majani ya chini, yaliyozeeka. Mboji ndiyo inayofidia, mradi iwe imeiva. Kuijaribu, fungia konzi zake mbili zenye unyevu kwenye mfuko kwa siku 3. Ukifungua na kupigwa na harufu kali ya mkojo, itaunguza mizizi.

Kwa lita 10 za kujazia vikombe vya pilipili, tungechanganya lita 6 za makumbi, 3 za mboji iliyochekechwa na 1 ya mchanga wa mto wa chembe kubwa, bila udongo kabisa. Kabla ya kupanda, pima hewa. Chukua chombo cha lita 1 chenye kina kama cha vikombe vyako, ziba matundu, ukijaze mchanganyiko, kisha mimina maji polepole mpaka yang'ae juu. Zibua matundu na ukinge yanayotoka. Mililita 150 hadi 200 ni nzuri. Chini ya 100, mizizi itakosa hewa. Ongeza makumbi yenye chembe kubwa na upime upya.

Wanaotetea udongo wana haki mahali pamoja. Mwembe utakaokaa miezi mingi kwenye kiriba kirefu, kisha uhamie shambani, unafaidi udongo: kina kinapunguza tatizo la maji, madini hayaishi haraka, na bonge la mizizi linafanana na ardhi linakoingizwa. Bonge la makumbi matupu hukauka upesi shambani kwa sababu udongo laini unaolizunguka hulinyonya maji. Hapo sehemu 3 za udongo wa juu usio wa matumbawe, 1 ya mboji na 1 ya makumbi zinatosha.

Ukichagua makumbi, usiamini macho wakati wa kumwagilia. Juu hupauka na kuonekana pakavu ilhali chini pamejaa maji. Inua kikombe. Kikiwa bado kizito, kiache mpaka kesho.