Mashahidi wa Yehova: damu, bendera na mstari wanaouchora

Mashahidi wa Yehova hawakatai hospitali. Wanapasuliwa na wanatumia dawa kama wengine. Wanachokataa ni damu nzima na sehemu zake nne kuu: chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na plazma. Msingi wao mkubwa ni Matendo 15:29, panapoagizwa kujiepusha na damu. Daktari akikukataza pombe, wanasema, hajakuruhusu kujidunga mshipani.

Hoja hiyo ina uzito, ila ina pengo. Pombe ikipita mshipani inalevya vilevile. Damu haimeng'enywi kama chakula. Inabeba oksijeni, kama kiungo kilichopandikizwa, na suala la kupandikizwa viungo wenyewe wameliacha kwa dhamiri ya kila mtu tangu 1980. Wayahudi nao hawali damu, lakini huongezewa damu ili kuokoa uhai. Pagumu zaidi ni kwenye visehemu vidogo. Albumini, mojawapo ya protini za damu, hutoka kwenye plazma, ila mfuko wa plazma ni mwiko, na albumini ni hiari ya mtu. Mimi sioni aya inayochora mstari huo.

Hata hivyo, kukataa kwao si kujiua. Chukua mgonjwa wa kubadilishiwa nyonga mwenye himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ya gramu 9 kwa desilita. Upasuaji ukisogezwa mbele wiki chache, apewe madini ya chuma na eritropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu, anaweza kufika 12 au 13. Ndani ya chumba cha upasuaji hutumika dawa ya kuzuia damu kuvuja, na wengine hukubali mashine inayokusanya damu yao, kuisafisha na kuirudisha palepale. Mpango huu unataka muda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana wiki. Himoglobini ikishuka chini ya 5, hatari ya kifo inapanda kwa kasi, na eritropoietini huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo.

Sherehe za kitaifa zina mzizi mwingine. Kwao, kupigia bendera saluti ni ibada, kama kuisujudia sanamu katika Danieli 3, na Yohana 17:16 inawataka wasiwe wa ulimwengu. Kodi wanalipa, na wimbo wa taifa hawauimbi, ingawa wenzao wakisimama kuuimba, baadhi yao husimama kimya. Wanaoona kimya hicho ni dharau wanasahau kwamba mtu anaweza kuitii sheria bila kuiimba.

Mahakama zimeyatenganisha mambo haya mawili, na nadhani kwa haki. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mwanafunzi halazimishwi kuipigia bendera saluti. Lakini mtoto akihitaji damu ili aishi, mahakama za nchi nyingi huagiza aongezewe hata wazazi wakikataa. Mtu mzima huachiwa uamuzi wake, ingawa tangu 2000 anayekubali damu kwa hiari bila kutubu huhesabiwa kuwa amejitenga na kutaniko, na waumini wenzake huacha kushirikiana naye. Daktari anayetaka jibu la kweli amuulize mgonjwa akiwa peke yake, bila ndugu wala wazee wa kutaniko chumbani.