Bafa ndogo au kubwa: kwanza tazama njia ya sauti

"Nikiweka bafa 64 sauti inachakacha, nikiweka 512 mwimbaji analalamika sauti yake inamfuata nyuma. Niweke ngapi?"

Muulizaji ana studio ya chumba kimoja Ng'ambo, Unguja. Anarekodi mwimbaji wa taarab juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa: fidla, ganuni, udi, akodiani, besi na dumbak. Mafundi wa sauti wana majibu mawili kwa swali lake, na kila kundi linashikilia lake. Wa kwanza wanasema shusha bafa mpaka mwimbaji aridhike. Wa pili wanasema pandisha, kwa sababu mchakacho mmoja unaharibu ubeti mzima, na mwimbaji atazoea.

Wa kwanza wanaijua hesabu. Draiva haiipi kompyuta sauti mfululizo, inaikusanya mafungu mafungu, na fungu moja ndilo bafa. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la 64 linajaa kwa milisekunde 1.3, la 512 kwa 10.7. Sauti inasubiri fungu lijae wakati wa kuingia, kisha inasubiri tena wakati wa kutoka kwenda kwenye hedfoni. Juu ya hapo kuna muda wa kifaa kugeuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, pamoja na akiba ndogo ambayo draiva inajiwekea. Kwa hiyo 512 inamfikia mwimbaji kama milisekunde 25 hivi, si 10.7.

Hewani sauti inatumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo 25 ni sawa na kumsikia mtu aliye mita nane. Mpiga fidla anaweza kufuatana na mpiga besi aliye umbali huo bila taabu kubwa. Mwimbaji yeye anajisikia mwenyewe, na sauti yake inamfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa. Ile ya hedfoni ikija nyuma kidogo tu, hata kwa milisekunde chache, zinagongana na baadhi ya mawimbi yanakatana, akajisikia kama anaimbia ndani ya mtungi. Ikizidi hapo anaanza kuvuta maneno. Katika taarab, ambako mwimbaji anachezesha sauti na kuikunja mwishoni mwa mshororo, hilo linasikika mara moja. Anapolalamika, basi, hadeki.

Upande wa pili nao wana hoja. Kwenye 64, kila baada ya milisekunde 1.3 kompyuta lazima iwe imemaliza kazi ya fungu zima. Ikichelewa mara moja tu, pengo linatokea na sikio linalisikia kama mchakacho. Ndiyo maana mita ya prosesa inaweza kuonyesha asilimia 30 na sauti bado ikachakacha: mita inatoa wastani, na kinachoharibu ni ule mchelewo mmoja. Mara nyingi mkosaji si programu ya kurekodia, ni draiva nyingine iliyoshikilia prosesa kwa kitambo, hasa ya Wi-Fi. Kwenye Windows, iache programu ya LatencyMon ifanye kazi dakika kadhaa na itakuonyesha ni ipi. Zima Wi-Fi, kisha ipime tena.

Kwetu kuna mambo mawili zaidi. Umeme ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri na mara nyingi inapunguza kasi ya prosesa ili kuokoa chaji, na bafa iliyokuwa salama asubuhi inaanza kuchakacha mchana. Pili ni joto. Ukifunga madirisha na kuzima feni ili vespa na feni yenyewe visiingie kwenye maiki, laptopu inapata moto na kujipunguza kasi yenyewe. Weka mpangilio wa umeme kwenye utendaji wa juu, hata ikiwa kwenye betri, na uiinue laptopu ipitishe hewa chini.

Kabla ya kugusa bafa, hakikisha mchakacho umetoka huko kweli. Ukitokea pale tu mwimbaji anapopaza sauti, punguza geni ya maiki, bafa haihusiki. Ukitokea ovyo, cheza kipande kilekile mara mbili. Ukihama mahali, faili ni salama na tatizo ni la kuchezea tu. Ukibaki palepale, kuza picha ya wimbi: utaona mstari umeruka ghafla au umekatika. Hapo sauti imepotea tangu kurekodiwa, na kupandisha bafa baadaye hakutairudisha. Inabidi aimbe tena.

Hoja zote mbili ni za kweli, lakini zote zinachukulia kwamba sauti ya mwimbaji lazima ipite kwenye kompyuta kabla ya kumfikia masikioni. Hailazimiki. Intafesi nyingi, hata za bei nafuu, zina kitufe au kinobu kilichoandikwa DIRECT kinachopeleka sauti ya maiki kwenye hedfoni moja kwa moja, bila kupita kwenye bafa. Ukikitumia, 512 haimsumbui tena mwimbaji, na kompyuta inapumua. Programu ya kurekodia nayo inarudisha nyuma kile kilichorekodiwa kwa kiasi ambacho draiva imeripoti, kwa hiyo sauti inakaa sawasawa juu ya muziki.

Wanaoipinga njia hii wanasema mwimbaji anajisikia mkavu, bila mwangwi, na wa taarab bila mwangwi anaimba kwa woga. Ni kweli, ila dawa ipo. Acha sauti kavu ipite DIRECT, na kompyuta itoe mwangwi peke yake. Kwenye programu ya kurekodia ya REAPER, washa usikilizaji kwenye traki ya mwimbaji, iondolee alama kwenye `Master send`, kisha ipeleke kwenye traki nyingine yenye plagini ya mwangwi, sauti kavu ikiwa sifuri na ya mwangwi ikiwa imefunguliwa. Zile milisekunde 25 sasa ziko kwenye mwangwi tu, na mwangwi kwa kawaida huja nyuma ya sauti. Hakuna atakayelalamika. Usipoiondoa hiyo alama, mwimbaji atasikia sauti zake mbili, na utarudi palepale.

Jambo la kuangalia ni ripoti ya draiva, maana nyingine haziripoti kwa usahihi. Chukua waya kutoka tundu la kutoka hadi tundu la kuingia, cheza mlio mfupi, urekodi, ulinganishe. Tuseme mlio uliorekodiwa umekaa sampuli 96 nyuma ya wa asili:

```
96 / 48000 = 0.002 s = 2 ms
```

Ingiza masahihisho hayo kwenye sehemu ya kurekodi ya mipangilio ya sauti ya REAPER, chini ya `Use audio driver reported latency`, kisha rudia kipimo. Ukiona umbali umeongezeka badala ya kuisha, geuza alama ya namba. Ukibadilisha bafa au kasi ya sampuli, pima tena.

Kwa huyu mwimbaji, basi, mimi ningeweka 512 na DIRECT. Kundi la kwanza linashinda mahali pamoja: kinanda kinachopigwa kupitia ala iliyomo ndani ya kompyuta, au gitaa linalopita kwenye plagini ya ampu. Hapo DIRECT haisaidii, kwa sababu sauti yenyewe inatengenezwa ndani. Kinanda kina nafuu, kwa kuwa kompyuta inapokea taarifa ya kidole tu na kinachosubiriwa zaidi ni bafa ya kutoka, kwa hiyo 256 mara nyingi inatosha. Gitaa linapita njia zote mbili, jaribu 128. Muziki wa nyuma ukiwa na plagini nyingi, utoe kwanza kuwa faili moja ya stereo na urekodi juu ya hiyo. Na ukaguzi wa mwisho: plagini yoyote ya kumalizia, kama limita inayotazama mbele, iondoe kwenye traki kuu mpaka mtakapomaliza kurekodi, kwa sababu inaongeza uchelewaji wake yenyewe hata bafa ikiwa 64.