Kwanza Naomba…

Jamani, mtu akae kimya Instagram tangu Machi, Juni hii anarudi na kapsheni ndefu kama risala ya harusi. Nani alikuita? Watu walikuwa wanasonga ugali wao kwa amani, hawajui hata kama ulikuwa umepotea. Wewe ndiye unayewakumbusha, tena kwa machozi!

Mchukulie dada wa Mwanjelwa anayeuza masweta ya mtumba. Kaandika hivi: "Habari zenu wapendwa wangu, natumaini hamjambo wote, ni muda mrefu sana sijaonekana hapa, mambo yalikuwa mengi, kwanza naomba mnisamehe…" Nzuri sana, ina adabu ya Mbeya yote. Shida ni kwamba Instagram haionyeshi kapsheni nzima. Anayepitisha kidole anaona herufi kama 125 za mwanzo, zilizobaki zinafichwa mpaka aguse. Sasa hesabu hiyo salamu pamoja na nafasi zake: herufi ya 125 inaangukia mwisho wa neno "naomba". Kwa hiyo mteja wa Uyole anasoma "mambo yalikuwa mengi, kwanza naomba…" halafu giza. Unaomba nini, dada? Nauli? Mchango wa msiba? Mtu anapita mbio kabla hajatajiwa namba ya kutumia. Na masweta yamekaa huko chini, aya ya tatu, hayajaonwa na mtu.

Instagram inakuruhusu herufi 2,200, ndiyo, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa! Bidhaa ikae juu, ukimya ukae chini. Dada huyuhuyu angeandika: "Baridi ya Juni imefika Mbeya, na masweta yamefika Mwanjelwa. Ya watoto 8,000, ya wakubwa 12,000." Herufi 96, zinaingia zote na nafasi inabaki. Kama moyo unamsumbua lazima autaje ukimya, anaruka mstari anaongeza: "Duka lilikuwa wazi siku zote, ni simu tu iliyokuwa imenuna." Basi. Anayetaka kucheka ataifungua, anayetaka sweta keshajua bei. Na kapsheni iliyokwisha kupanda inaharirika: unagusa vile vidoti vitatu, unabadilisha maneno, picha na laiki zinabaki palepale. Hakuna haja ya kufuta posti kwa aibu.

Halafu picha! Mtu anaandika baridi ya Juni, picha aliyoweka ni ya Februari: mahindi ya kijani nyuma yake, tope mpaka kwenye viatu, mwavuli mkononi. Ndugu yangu, hapa Mbeya mvua inaanza Novemba na mwisho wa Aprili inaaga. Juni majani yamekauka na vumbi linatawala. Nani atadanganyika? Wateja wataona mzigo ni uleule uliododa masika, wataanza kuomba punguzo hata kabla ya salamu. Toka nje asubuhi, jua likishapanda kidogo, tandika sweta mbili tatu kwenye kamba, piga picha. Dakika tano.

Na ile ahadi ya "sasa nipo, nitaposti kila siku" sijui wanairithi wapi. Umepotea miezi mitatu bila kuahidi chochote na hakuna aliyekudai. Ukiahidi kila siku, Jumatano tu ushakuwa na deni. Sema jambo lenye tarehe unayoiweza: "Jumamosi tunafungua belo jipya." Mtu wa Tukuyu anayekuja na ndizi zake siku hiyo ataipanga safari yake.

Lakini linalonichosha kuliko yote ni maoni ya zamani. Chini ya posti ya Machi kuna mtu kauliza "bei gani?" mpaka leo hajajibiwa, na wewe unapandisha posti mpya juu ya kichwa chake! Wajibu hao kwanza, kabla ya kapsheni mpya. Jibu lako likienda, simu yake inapata taarifa, anakumbuka kuwa upo, na huyo tayari alikuwa na nia ya kununua. Usianze na "samahani kwa kuchelewa", mwandikie "Lile la bluu limekwenda, limebaki la kijivu, 12,000." Ole wako umjibu "njoo inbox". Kangoja miezi mitatu halafu unamtembeza tena?

Pia angalia namba iliyo kwenye wasifu. Wengine wamebadilisha laini huku namba ya zamani bado inaning'inia pale, mteja anapiga anapokelewa na fundi wa pikipiki wa Mafiati ambaye ameshachoka kuulizwa masweta.

Na atakayekuandikia "ulikuwa wapi siku zote?" usimpe historia ya maisha yako. Mjibu: "Hapahapa Mwanjelwa, wewe ndiye hupiti." Atapita, walau aje kubisha.