Bima ya kazini: alipwe aliyeandikwa, au isubiri mirathi?

"Hela ya marehemu ni ya ukoo. Ipite mahakamani kwanza, ndipo igawiwe." Baba mdogo wa marehemu aliyasema haya msibani Nzuguni, na wazee waliokuwa mkekani wakaitikia.

Hoja anayo, ila anachanganya mifuko miwili. Mshahara wa siku za mwisho, akiba ya benki na kiwanja vilikuwa mali ya marehemu, kwa hiyo vinapita kwa msimamizi wa mirathi. Bima ya kazini, yaani bima ya maisha ya kikundi, ni mkataba kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Marehemu hakuwahi kuishika hela hiyo, imezaliwa siku aliyofariki. Mkataba ukisema alipwe mnufaika aliyeandikwa kwenye fomu, sioni kwa nini izungushwe mahakamani. Fomu ikiwa tupu, au mkataba usipotoa nafasi ya kuandika mtu, hapo baba mdogo kashinda.

Chukulia mtunza stoo wa kiwanda cha kukamua alizeti pale Kizota. Mshahara ni shilingi 800,000 kwa mwezi, na bima ya kazini inalipa mshahara wa miaka 3, yaani 28,800,000. Kwenye fomu kamwandika mkewe. Afisa utumishi anakusanya cheti cha kifo, fomu ya madai, hati ya mshahara ya mwisho na kitambulisho cha mjane. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, na hapo familia nyingi hupoteza siku bure. Kampuni inahakiki kama jina limo kwenye orodha ya wafanyakazi na kama mwajiri alilipa ada, kisha kwa kawaida inamlipa mwajiri, kwa kuwa ndiye mwenye mkataba, naye anamkabidhi mjane. Makaratasi yakikamilika, tunazungumzia wiki.

Sasa ipitishe njia ya baba mdogo. Ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari, ombi linapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo msimamizi ateuliwe. Akishateuliwa, ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali. Shangazi mmoja akileta pingamizi, hesabu inaanza upya.

Lakini muda siyo unaoniuma zaidi. Kinachoniuma ni madeni. Hela ikishaingia kwenye mirathi, msimamizi anawajibika kulipa wanaomdai marehemu kabla mrithi hajagusa senti. Tuseme mtunza stoo alikuwa na mkopo wa SACCOS wa 9,000,000 na deni la mabati dukani la 2,500,000. Zinabaki 17,300,000. Kama ni Mwislamu na mgao ukafuata sharia, mke mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane: 2,162,500. Zilizobaki ni za watoto, na za wazazi wa marehemu kama wapo hai. Sisemi mgao huo ni dhuluma. Kwa mali ya marehemu ndio haki yenyewe. Ninachosema ni kwamba aliyejaza fomu alikusudia mkewe ashike 28,800,000, na madeni yangebaki kulipwa kwa mali nyingine. (Na kabla ya kulipa SACCOS, ulizeni kama mkopo ulikuwa na bima yake. Mingi inayo, na deni huishia hapo.)

Upande wa pili una jambo moja zito. Fomu hujazwa siku ya kuajiriwa, kijana hajaoa, anamwandika mama yake wa Kondoa au kaka yake, halafu fomu inalala kwenye faili. Miaka 10 baadaye ana mke na watoto watatu ambao karatasi haiwajui. Ukifuata fomu kibubusa, kaka anaondoka na hela na watoto wanatoka mikono mitupu. Mahakama ingewaona. Kwa hiyo fomu ikiwa ya kabla ya ndoa, simlaumu mwajiri anayeizuia hela akaziita pande zote mbili. Ipo mikataba inayomruhusu kabisa kuangalia wategemezi. Ila dawa ya fomu iliyochakaa ni kujaza nyingine, kwa mfano kila mtu anapoomba likizo ya mwaka. Kuwapeleka wajane wote Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la faili ni kumtibu asiyeumwa.

Mjane anayeambiwa "bima bado haijalipa" aombe kwa maandishi tarehe mbili: siku madai yaliyokamilika yalipoifikia kampuni, na siku kampuni ilipomlipa mwajiri. Ya kwanza ikiwa ya zamani na ya pili haipo, malalamiko yanakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima, makao yake makuu yapo hapa hapa Dodoma, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ya pili ikiwepo, hela imekaa kwenye akaunti ya mwajiri, na kampuni ya bima inasingiziwa.